Kizazi kimekaza, damu bado inatoka: kisa cha usiku mmoja visiwani Lamu

Kisa hiki kilitokea katika kituo kidogo cha afya kwenye visiwa vya kaskazini mwa Amu, yaani mji wa Lamu, mahali ambapo hospitali yenye chumba cha upasuaji iko ng'ambo ya maji. Nimebadilisha mambo machache ili mzazi asitambulike. Makosa ni yangu mimi niliyekuwa mkunga wa zamu, na nayaandika kwa kuwa naona wanafunzi wetu wakiyafanya yale yale kwenye maswali ya mtihani, na baadaye kitandani.

Swali lenyewe huja hivi: mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka lote, kizazi kimekaza vizuri, lakini damu nyekundu inaendelea kuchuruzika. Sababu ni ipi, na utafanya nini kwanza? Wengi hujibu kwa pupa kwamba kizazi kimelegea, waongeze oksitosini. Jibu limeshakataliwa ndani ya swali lenyewe, maana wameambiwa kizazi kimekaza. Nilikuwa nikiwasahihisha wanafunzi jibu hilo kwa wino mwekundu, na usiku ule nikalifanya kwa mikono yangu.

Mzazi alikuwa na miaka 34, na hii ilikuwa mimba yake ya tano. Kadi yake ya kliniki ilionyesha himoglobini ya 9.4, kwa hiyo alikuwa na upungufu wa damu tangu hapo. Aliletwa kwa boti saa 5 usiku, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 6. Saa 7 na nusu akaanza kusukuma. Nilipompima, mlango ulikuwa sentimita 8 tu. Nikamwomba ahemehe bila kusukuma, lakini uchungu ulikuwa umemshinda, na mavyaa wake aliyesimama kichwani alikuwa akimhimiza, "Jikaze mwanangu, msukume atoke." Sikumzuia mavyaa kwa ukali uliohitajika. Saa 8:05 mtoto alitoka kwa kasi, mvulana wa kilo 4.1, akalia papo hapo.

Hapo nilikuwa na ishara tatu mkononi. Uzazi wa tano na mtoto mkubwa vinaandaa kizazi kulegea, kwa sababu misuli imevutwa sana na mara nyingi. Kusukuma kabla mlango haujafunguka wote, kisha mtoto kutoka kwa kasi, kunaandaa mlango huo kuchanika. Niliiona ishara ya kwanza na ya pili. Ya tatu niliiandika kwenye chati na nikaisahau.

Ndani ya dakika moja nilimdunga oksitosini yuniti 10 kwenye paja, kama tunavyofanya kwa kila mzazi. Kondo lilitoka saa 8:13. Nililitandaza kwenye dishi, upande uliokuwa umeshika kizazi ukitazama juu, nikavikutanisha vipande vyake kwa vidole nione kama kuna pengo. Kisha nikaziinua ngozi zake na kuzitazama kwenye mwanga. Hapa wengi huharakisha. Ukiona mshipa wa damu unakimbia hadi ukingoni mwa ngozi kisha umekatika ghafla, huenda kuna kipande cha pembeni kilichobaki ndani, hata kama kondo lenyewe linaonekana zima. La usiku ule halikuwa na pengo wala mshipa uliokatika.

Saa 8:20 leso aliyoilalia ilikuwa imelowa hadi kwenye godoro. Mavyaa alinishika mkono akasema, "Wacha itoke mwanangu, hiyo ni damu mbaya ya uzazi, ikibaki ndani itamdhuru." Nikamjibu, "Mama, damu ya uzazi hutoka kidogo kidogo. Hii inakwenda na uhai wake." Alinyamaza, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Nikaweka mkono tumboni. Kizazi kilikuwa juu ya kitovu, kimeegemea upande wa kulia, laini kama unga wa maandazi uliozidi maji. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza katika zile nne ambazo shuleni tunazikariri kwa jina la T nne, kwa kuwa kwa Kiingereza zote zinaanza na herufi hiyo. Kwa Kiswahili mimi huwafundisha ulegevu, mabaki, majeraha na mgando. Ulegevu ndio unaosababisha visa vingi, takribani saba katika kila kumi, ndiyo maana mkono huanza tumboni. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo imepita katikati ya nyuzi za misuli ya kizazi, na nyuzi hizo zikikaza huibana kama kamba inavyobana mdomo wa gunia. Zikilegea, mishipa inabaki wazi.

Niliita kwa sauti. Mwenzangu alitoka chumba cha pili na mlinzi akaja mlangoni. Mimi nikaanza kukisugua kizazi kwa kiganja kwa mzunguko, nikiyakamua madonge. Mwenzangu akaweka kanula mbili pana, akatundika lita moja ya maji ya chumvi yenye oksitosini yuniti 20, matone 60 kwa dakika, na kwenye mkono wa pili ringa lakteti iende kasi. Kizazi kilichoegemea kulia kiliniambia kibofu kimejaa, na kibofu kilichojaa hukizuia kizazi kukaza hata ukimwaga dawa. Tulipopitisha mpira wa mkojo zilitoka mililita 600. Saa 8:32 akapewa asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10. Dawa hii haikazi kizazi. Kazi yake ni kuyalinda madonge yasiyeyuke mapema, na inafaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Mambo haya tuliyafanya kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo tuanze jingine. Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kuipima damu mapema na kutoa hatua hizi kama furushi moja kulipunguza sana wanawake wanaofikia kutokwa na damu nyingi mno. Huko walitumia shuka ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo. Sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo mwenzangu aliziweka leso na shuka zilizolowa kwenye mizani ya watoto, akatoa uzito wa zile zilizo kavu. Gramu moja tunaihesabu kama mililita moja. Jibu lilikuwa 650. Kwa macho mimi ningesema 300, na ningekuwa nimedanganya chati bila kukusudia.

Saa 8:40 kizazi kilikaza, kikashuka chini ya kitovu, kigumu na cha duara kama dafu dogo. Mwenzangu akasema, "Alhamdulillahi," na mimi nikapumua. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 na presha 104 juu ya 62.

Hizo namba zilitaka kusomwa vizuri zaidi ya nilivyozisoma. Mwanamke mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida yake, na mwili wake huilinda presha kwa muda mrefu kwa kubana mishipa na kukimbiza moyo. Presha ya 104 ilinipa faraja ya uongo. Ukigawa mapigo kwa namba ya juu ya presha, yaani 112 kwa 104, unapata zaidi ya 1. Kuanzia 0.9 tunapaswa kuingiwa na wasiwasi, na huyu alikuwa ameshapita hapo huku akinijibu maswali na kumwulizia mwanawe.

Kitambaa safi nilichomwekea kililowa tena. Damu sasa ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo. Ile ilikuja kwa mafuriko, nyeusi nyeusi na madonge, kila nilipokikamua kizazi. Hii ilikuwa nyekundu mbichi, mchirizi mwembamba usiokatika, na haikuongezeka wala kupungua nilipobonyeza tumbo. Sijui nilikuwa na haja gani ya ushahidi zaidi ya huo.

Lakini akili ilikuwa imeshafunga ukurasa kwenye ulegevu. Siku mbili kabla, umeme ulikatika na jokofu letu lilikaa saa kadhaa bila baridi, na oksitosini hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nikajiambia dawa imeharibika. Nikamwekea misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi, nikaendelea kukisugua kizazi ambacho kilikuwa kigumu tayari. Dakika 18 zikapita hivyo. Hofu ya dawa iliyopata joto si ya kipuuzi, hasa huku kwetu. Ila dalili ya oksitosini iliyokufa ni kizazi kinachobaki laini baada ya dozi, na cha mzazi wangu kilikuwa kimekaza. Mkono wangu ulikuwa juu ya jibu, na mimi nalitafuta kwenye jokofu. Misoprostoli ilimletea mtetemeko na homa, na ikawa vigumu zaidi kujua kama anatetemeka kwa dawa au kwa mshtuko.

Aliyeniamsha ni mwenzangu. Aliweka mkono wake tumboni, akanitazama, akasema, "Dada, hapa pamekaza. Twende chini tukatazame."

Swali la kujiuliza hapa ni hilo hasa: kizazi ni laini au kigumu? Kizazi kikiwa laini, fikiria ulegevu, na pia fikiria mabaki, kwani kipande cha kondo kilichobaki hukizuia kizazi kujifunga, nacho hukaza ukikisugua kisha kulegea tena ukiondoa mkono, mara kwa mara. Kizazi kikiwa kigumu na damu inaendelea, fikiria jeraha mpaka utakapoona kwa macho kwamba halipo. Na kama damu inatoka kila mahali, kwenye jeraha, kwenye tundu la kanula, kwenye fizi, na haigandi, hapo mgando wenyewe umeharibika. Sababu mbili zinaweza kukaa kwa mzazi mmoja usiku mmoja, na ile unayoitibu vizuri ndiyo inayoifunika ya pili.

Saa 9 kamili tulimsogeza ukingoni mwa kitanda, magoti yamepanuliwa, mlinzi akashika tochi nje ya pazia ikimulika juu ya bega langu kwa kuwa taa yetu ya kichwa ilikuwa haina betri. Nilianza nje kwenda ndani. Msamba ulikuwa na mchubuko mdogo usiotoa damu. Kuta za uke nilizikausha kwa shashi, nikazitazama pande zote, zilikuwa nzima. Mlango wa kizazi hauonekani wenyewe baada ya kuzaa. Unaning'inia kama pindo la nguo iliyolegea, na damu huufunika. Mwenzangu alikibonyeza kizazi kwa upole kutoka tumboni ili mlango ushuke, nami nikaukamata kwa koleo mbili zenye ncha za duara, moja mbele ya nyingine, nikauzunguka kidogo kidogo kama mtu anayekagua pindo la leso mshono kwa mshono. Usiuvute bila kuuzunguka wote. Jeraha hukaa zaidi pembeni, upande wa namba 3 au wa namba 9 kwenye uso wa saa, na ukitazama mbele peke yake utasema hakuna kitu.

Lilikuwa upande wa namba 3, urefu wa kama sentimita 4, na mshipa mmoja ukitema damu ukingoni. Sikuweza kuona lilipoishia juu.

Hapo kuna mpaka ambao mkunga hana budi kuujua. Jeraha la mlango wa kizazi hushonwa kuanzia juu kidogo ya kilele chake, kwa sababu mshipa uliokatika hujirudisha ndani, na ukianza kushona chini ya hapo utafunga mlango mbele huku damu ikijikusanya nyuma. Kilele kisichoonekana huenda kimepanda hadi sehemu ya chini ya kizazi, na hilo ni la chumba cha upasuaji na ganzi kamili. Kujaribu kushona kwa kubahatisha kwenye giza lile kungeongeza jeraha. Nilichofanya ni kuikamata ile midomo miwili ya jeraha kwa koleo, juu kadiri nilivyoweza kufika, nikazifunga. Mchirizi ukakatika. Nikaziacha koleo ndani zilivyo, nikajaza shashi kuzizunguka nikihesabu kila kipande na kuandika idadi, ili kule kwa wenzetu kisisahaulike hata kimoja. Saa 9:05, kwa kuwa damu ilikuwa imeendelea baada ya dozi ya kwanza, akapewa gramu 1 ya pili ya asidi ya traneksamiki.

Simu ya hospitali mwenzangu alishaipiga wakati tunaandaa tochi. Hilo lilipaswa kufanyika saa 8:20, pale tulipoita msaada, kwa sababu boti ya huku haiji kwa king'ora. Mwenye boti alijibu kwamba maji yamekupwa na mkondo wa Mkanda haupitiki mpaka yajae. Kuzunguka nje kwa usiku, na kusi linavuma, hakukubali. Tukajua tutakaa naye karibu saa mbili.

Saa hizo mbili ndizo zilizotufikisha kwenye sababu ya nne. Hatukuwa na maabara ya usiku. Nilichukua mililita 2 za damu yake katika chupa ndogo ya kioo, safi na isiyo na dawa yoyote, nikaishika ndani ya ngumi ipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 unaiinamisha taratibu, kisha unairudia kila dakika. Damu yake ilianza kushika dakika ya tano, na baadaye niliweza kuigeuza chupa kichwa chini bila donge kuanguka. Isiposhika baada ya dakika 7, au ikishika donge laini linalovunjika kirahisi, mgando una kasoro na mzazi anahitaji damu na vitu vya kugandisha, si maji zaidi. Nilirudia kipimo saa 10, kikawa vile vile.

Kipimo hicho kilitusaidia pia kujizuia. Mtu akiona mapigo yamepanda hushawishika kufungulia dripu zote. Maji ya chumvi hayabebi oksijeni wala hayagandi. Yakizidi yanaizimua damu iliyobaki, na yakiwa ya baridi yanaharibu mgando zaidi. Tulishampa karibu lita 2. Tukapunguza, tukamfunika kwa blanketi na leso zote kavu tulizopata, tukawa tunapima mapigo, presha, mkojo kwenye mfuko na ugumu wa kizazi kila dakika 15. Mara moja kililegea kidogo, nikakisugua kikarudi. Dripu ya oksitosini hatukuitoa, maana sababu ya kwanza haikuwa imeondoka kwa kuwa tumeipata ya pili.

Saa 10:50 maji yalikuwa yameingia. Tulimlaza chini katikati ya boti, mahali pasiporushwa na mawimbi, mwenzangu akipiga magoti na mkono wake tumboni kwa mzazi, mimi nimeshika chupa za dripu. Mavyaa alimbeba mtoto. Tulifika Amu kunapambazuka. Damu yote tuliyoipima kwa mizani ilikuwa mililita 1,200. Kule chumba cha upasuaji walikuta kilele cha jeraha kimeishia ndani ya mlango, hakijapanda kwenye kizazi chenyewe, wakakishona. Alipewa chupa mbili za damu. Himoglobini ya asubuhi ilikuwa 6.8, na siku ya nne akaruhusiwa kurudi na vidonge vya madini ya chuma.

Wanafunzi hunihoji kwa nini nisingetumia mpira wa kondomu ndani ya kizazi. Kifaa hicho, kondomu iliyofungwa kwenye katheta na kujazwa maji ya chumvi, kinabana kuta za kizazi kilicholegea dawa zikishindwa. Kwa jeraha la mlango kingekaa juu ya tatizo, damu ikipita chini yake. Na ergometrini? Hiyo pia ni ya ulegevu, na hatuigusi kabisa kwa mwenye presha ya juu. Kila kifaa kina sababu yake kati ya zile nne, ndiyo maana huwaambia wataje sababu kwanza, kabla ya kutaja dawa.

Kituoni tumebadilisha mambo mawili. Taa ya kichwa sasa ina betri za akiba na inakaguliwa kila anayeingia zamu, na kwenye ukuta wa chumba cha uzazi tumebandika karatasi yenye mstari mmoja wa kalamu nene: "Kizazi kigumu? Tazama chini." Mzazi alikuja wiki ya sita, mtoto amenenepa. Kwenye kadi yake nimeandika kuhusu mlango uliochanika na damu iliyotoka, na kwamba mimba nyingine ikiingia, ahamie Amu kwa jamaa zake wiki mbili kabla ya siku zake, asingoje maji yajae.